Maiki ya Kifuani Inapokwaruza, Zima Transmita Kwanza

Katika mkutano wa injili wa siku nne tuliofungia vyombo karibu na mwalo wa Igombe, tulikuwa na maiki tatu za kubana kifuani: ya mhubiri, ya mkalimani aliyekuwa akitafsiri kwa Kisukuma, na ya kiongozi wa kwaya. Kila moja ilikuwa na transmita yake ya kiunoni na risiva yake mezani kando ya miksa. Mchana nilizijaribu moja baada ya nyingine, zote zikasikika safi. Jioni, mara tu mhubiri na mkalimani waliposimama bega kwa bega, maiki ya kiongozi wa kwaya ilianza kukwaruza na kukatika, na walipoachana kwa hatua chache ikatulia. Usiku ule nilibadilisha betri zake mara mbili, kisha nikabadilisha na maiki yenyewe, bila mafanikio yoyote.

Kesho yake asubuhi, uwanja ukiwa mtupu, nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo. Nilizima transmita ya kiongozi wa kwaya, nikaiacha risiva yake ikiwaka huku nimeshusha sauti yake kwenye miksa, kisha nikatazama taa iliyoandikwa RF, ambayo huonyesha nguvu ya mawimbi yanayofika kwenye antena. Transmita ikiwa imezimwa, taa hiyo inapaswa kulala. Ililala. Nikawasha transmita ya mhubiri peke yake, ikaendelea kulala. Nikawasha na ya mkalimani na kuziweka zote mbili pamoja juu ya jukwaa, na hapo taa ya RF ya risiva ya kwaya ikapanda kana kwamba kuna mtu aliyevaa maiki ile, ilhali nilikuwa nimeishika mkononi imezimwa.

Sababu ilikuwa katika namba nilizozipanga mwenyewe. Mhubiri alikuwa kwenye 518.200, mkalimani kwenye 520.200 na kiongozi wa kwaya kwenye 522.200, zote katika megahezi. Nilidhani kwamba kuachanisha maiki kwa megahezi mbili mbili ni mpangilio mzuri, kumbe nafasi zinazolingana ndizo zenye hatari. Transmita mbili zinapokaribiana, mawimbi ya moja huingia kwenye saketi ya nyingine, yakachanganyika na kuzaa masafa mapya ambayo hakuna aliyeyaweka. Yenye nguvu zaidi kati ya hayo hupatikana kwa kuzidisha masafa ya moja kwa mbili na kutoa ya nyingine. Ukizidisha 520.200 kwa mbili unapata 1040.400, na ukitoa 518.200 unabaki na 522.200, yaani palepale alipokuwa kiongozi wa kwaya. Akiwa karibu na meza, mawimbi ya maiki yake yaliyashinda yale ya bandia. Akisogea nyuma ya kwaya, yale ya bandia yakashinda, na watu wakasikia mikwaruzo.

Niliwaacha mhubiri na mkalimani walipo, nikamhamishia kiongozi wa kwaya kwenye 523.500. Kabla ya kuirekebisha transmita niliifanya hesabu kwenye karatasi, nikijaribu kila jozi kwa pande zote mbili, pamoja na ile ya kujumlisha masafa mawili na kutoa la tatu, na hakuna jibu lililokaribia masafa yoyote kati ya yale matatu kwa chini ya megahezi moja. Kwa maiki tatu kazi hiyo huchukua dakika kumi. Zikifika sita au nane, ni afadhali kutumia makundi ambayo mtengenezaji ameshayapanga ndani ya kifaa, na kuchagua chaneli zote kutoka kundi moja.

Iwapo taa ya RF ingewaka huku transmita zote tatu zikiwa zimezimwa, basi adui angekuwa wa nje, na mara nyingi ni televisheni. Chaneli moja ya televisheni ya kidijitali hapa kwetu huchukua upana wa megahezi 8, kwa hiyo kusogea nusu megahezi hakusaidii. Ruka mbali, kisha utazame taa tena. Fanya ukaguzi huo katika eneo lenyewe la shughuli, kwa sababu namba zilizokuwa safi Nyamagana zinaweza kuwa na mgeni ukifika Sengerema. Epuka pia maiki za mitumba zinazofanya kazi kwenye megahezi 700 na kuendelea, kwani sehemu kubwa ya masafa hayo wamepewa watu wa simu, na kuhusu yanayoruhusiwa ni vyema kuwauliza TCRA.

Betri zina dalili zake, na hazifanani na zile nilizoziona Igombe. Betri inayokwisha haijali nani amesimama na nani: umbali wa maiki hupungua taratibu, kisha sauti hukatika moja kwa moja na hairudi. Betri ya alkali ikiwa mpya hupima volti 1.5 au zaidi kidogo, lakini iliyochoka ikipumzishwa hujifufua na kukudanganya, kwa hiyo pima betri wakati transmita imewashwa, au mara tu unapoizima. Za kuchaji hushuka upesi hadi takriban 1.2 hata zikiwa bado na chaji nyingi, ndiyo maana kipimo cha kwenye kioo huonyesha upungufu usiokuwepo. Betri za bei ndogo za tochi sizitumii kabisa katika kazi hii. Na ukiona sauti inakatika unapoigonga transmita kwa kidole, angalia vyuma vinavyoshika betri. Unyevu wa ziwani na jasho huvitia kutu ya kijani, ambayo huondoka ukivisugua kwa kifutio cha penseli na kuvipangusa kwa kitambaa kikavu.

Kuna mkwaruzo mmoja ambao taa ya RF itakusaidia kuutenga haraka. Iwapo taa imejaa na imetulia, lakini sauti inakwaruza mvaaji anapogeuza shingo, mawimbi hayana kosa lolote: waya wa maiki umechoka pale unapoingia kwenye plagi.

Siku ya tatu maiki ya kwaya ilikuwa safi, lakini ya mkalimani ikawa inakatika kila watu walipojaa mbele ya jukwaa, na safari hii taa ya RF ilikuwa ikishuka. Risiva zilikuwa juu ya meza, chini ya usawa wa vifua vya watu, antena zikiwa zimelala. Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji humeza mawimbi haya. Tulizipandisha risiva juu ya stendi hadi zikavuka vichwa vya watu, tukazisogeza mbali na jenereta na spika, na kuzifungua antena zikawa kama herufi V. Kisha nikamwomba mkalimani anionyeshe alipoiweka transmita.

“Hii hapa, fundi, nimeitia mfukoni pamoja na simu,” alisema, na waya wa antena ulikuwa umekunjwa mara tatu chini ya simu hiyo.

Antena ile ina urefu wa takriban sentimita 14, ambayo ni robo ya wimbi kwenye masafa yale, na ikikunjwa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Tuliibana transmita kwenye mkanda upande wa kiuno unaoelekea risiva, waya ukining'inia huru nje ya koti, na simu akamwachia mkewe. Nikamtembeza kutoka ukingo mmoja wa jukwaa hadi mwingine akihesabu kwa Kisukuma, nami nikiitazama taa. Ilishuka mara moja tu, alipopita nyuma ya nguzo ya chuma ya turubai, na tukakubaliana kwamba hapo hatasimama.