Ukimtumia mhadhiri slaidi ulizofupisha, mwonyeshe ulipokata

Nikiwa mwaka wa tatu wa masomo ya utabibu nilizifupisha slaidi 78 za mhadhiri wetu kuhusu malaria kali zikabaki 12. Nikamwandikia hivi: "Shikamoo Daktari. Nimefupisha slaidi zako za malaria kali, nimeziambatisha hapa. Naomba uzipitie uone kama ziko sahihi kabla sijawapa wenzangu." Baada ya siku mbili akajibu: "Marahaba. Nimepitia, kazi nzuri." Jioni hiyohiyo nikaziweka kwenye kundi letu la WhatsApp.

Wiki iliyofuata tulikuwa wodi ya watoto. Aliletwa mtoto wa kilo 14, ameshapata degedege mara mbili nyumbani, na kipimo kilionyesha malaria. Daktari wa zamu akaniuliza dozi ya sindano ya atesuneti. Slaidi yangu ilisema 2.4 mg/kg, nikapiga hesabu: 14 mara 2.4 ni 33.6 mg. Akanitazama, akauliza, "Huyu ana kilo ngapi?" Nikarudia, 14. Akasema mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa 3 mg/kg, yaani 42 mg. Dozi yangu ilipungua kwa sehemu moja kati ya tano. Watoto wadogo huitoa dawa hii mwilini haraka kuliko watu wazima, ndiyo maana wanaongezewa kwa kila kilo. Mtoto alipewa dozi sahihi, lakini faili langu lilikuwa tayari kwenye simu za darasa zima.

Nilirudi kwenye slaidi za mhadhiri. Ya 41 ilikuwa na jedwali lenye mistari miwili, wa chini ya kilo 20 na wa kilo 20 na kuendelea. Mimi nilichukua mstari mmoja tu ili slaidi yangu isijae. Kumbe mhadhiri alipopitia kazi yangu hakukuta hata sentensi moja ya uongo. 2.4 mg/kg ni dozi sahihi, ila ina wenyewe. Kosa lilikuwa kwenye kile kisichokuwepo, na mtu anayelijua somo kwa miaka mingi hulijaza pengo kama hilo kichwani mwake bila kujua. Wanafunzi wenzangu hawakuwa na cha kulijazia.

Tangu hapo, kabla ya kumwandikia mhadhiri, naweka slaidi zake na zangu ubavuni kwa ubavu na kutafuta mahali nilipoondoa sharti: uzito, umri, ujauzito, muda, na maneno madogo kama "angalau", "na", "isipokuwa". Hayo ndiyo ya kwanza kukatwa mtu anapofupisha, kwa sababu yanaonekana kama mapambo ya sentensi. Siku ile nililiona la pili papo hapo. Slaidi ya 46 ilisema sindano ziendelee kwa angalau saa 24, na mgonjwa awe anaweza kumeza, ndipo ahamie kwenye dawa mseto ya ALu kwa siku tatu. Mimi nilikuwa nimeandika "sindano mpaka aweze kumeza, kisha ALu." Ukiufuata ufupisho wangu, mtoto aliyeamka na kunywa uji saa sita baada ya sindano ya kwanza angeachishwa sindano, wakati bado anadai ya saa 12 na ya saa 24.

Basi nikaandika upya. Ujumbe wa pili ulikuwa hivi:

"Shikamoo Daktari. Ni mimi wa mwaka wa tatu niliyekutumia ufupisho wa malaria kali. Nimegundua nilikosea dozi ya watoto, na nimewaambia wenzangu walifute faili lile. Nimerekebisha, toleo la pili nimeliambatisha. Naomba uniangalizie sehemu tatu tu:

1. Slaidi yangu ya 5, yako ya 41. Nimeandika: 'Atesuneti: chini ya kilo 20, 3 mg/kg, kilo 20 na zaidi, 2.4 mg/kg. Saa 0, 12 na 24, kisha mara moja kwa siku.' Slaidi yako ya 33 ina 2.4 mg/kg bila kutaja uzito. Nimefuata ya 41. Je, ndiyo ya kufuata?

2. Slaidi yangu ya 6, yako ya 46. Nimeelewa masharti ya kuhamia ALu ni mawili kwa pamoja: saa 24 zimepita na mgonjwa anameza. Nimeelewa sawa?

3. Slaidi yangu ya 9, yako ya 60. Nimeandika 'Usitumie kipimo cha haraka kufuatilia maendeleo ya matibabu', na sababu nimeiacha. Inatosha bila sababu?

Mtihani ni tarehe 20. Ukipata nafasi kabla ya tarehe 14 nitaweza kuwarekebishia wenzangu kwa wakati. Sitasambaza toleo hili mpaka uniruhusu, kwa kuwa kazi ya msingi ni yako."

Angalia jinsi lilivyoulizwa la kwanza. Slaidi mbili za mhadhiri zilikuwa zinapingana, na mwanafunzi wa kwetu akiona hivyo hunyamaza, akiogopa kuonekana anamkosoa mwalimu. Hakuna haja ya kuandika kwamba slaidi ya 33 ina kosa. Taja namba zote mbili, sema umefuata ipi, uliza. Heshima imebaki na swali limefika. Na kila swali nililinakili pamoja na maneno yangu yenyewe, ili mhadhiri aweze kujibu akiwa kwenye foleni ya daladala bila kufungua faili. Faili nalo nililituma kama PDF yenye namba za kurasa, maana slaidi zikifunguliwa kwenye simu nyingine alama kama ≥ wakati mwingine hugeuka kisanduku kitupu, na hapo hujui tena ni kilo 20 na zaidi au chini yake.

Alijibu usiku uleule, kwa urefu ambao sikuutarajia. La kwanza: fuata ya 41. Ile ya 33 ilibaki tangu kabla ya mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015, ulioongeza dozi ya watoto wadogo, naye akasema ataiondoa. La pili: ndiyo, yote mawili. La tatu alinikatalia. Alitaka sababu irudi, kwamba vipimo vingi vya haraka hunasa protini ya vimelea iitwayo HRP2, na protini hiyo huweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Asiyejua hilo, alisema, atamwona mgonjwa aliyepona bado ana kipimo chanya na kumwanzishia matibabu upya. Akataka niongeze pia kwamba ufuatiliaji hufanywa kwa hadubini.

Slaidi zikawa 13. Nililiondoa faili la kwanza kwenye kundi, na kwa kuwa walioshalipakua bado walikuwa nalo, sikuishia kutuma jipya tu. Niliandika juu yake: "Toleo la 3, limepitiwa na mhadhiri. Slaidi ya 5, 6 na 9 zimebadilika. Kama una lile lenye 2.4 mg/kg kwa wote, lifute." Wawili niliokuwa najua wameshalichapisha kwenye karatasi niliwafuata bwenini na kalamu.