Nadharia tete haikui ikawa nadharia

Nafundisha biolojia hapa Kisumu, na kila muhula nakutana na sentensi hii kwenye madaftari: "Nadharia tete ikithibitishwa huwa nadharia." Ukiwa unamsaidia mwanao kudurusu, ifute. Nadharia tete ni dai moja linaloweza kupimwa. Nadharia ni maelezo mapana ya kwa nini mambo mengi yako yalivyo.

Mfano ninaoutumia darasani umetoka huku kwetu. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya mtu 1 kati ya 5 alikuwa na jeni moja ya selimundu. Nyanda za juu, karibu hakuna. Jeni hiyo ukiirithi kwa wazazi wote wawili unaugua vibaya, kwa hiyo ilitarajiwa ipungue kizazi baada ya kizazi. Mbona huku imejaa? Allison aliona kwamba ilijaa penye malaria, akadai kuwa anayebeba jeni moja tu hukingwa na malaria.

Hilo ndilo dai la kupimwa, kwa sababu lingeweza kuanguka. Mwaka 1953 alipima watoto 290 nchini Uganda. Kati ya 43 waliobeba jeni hiyo, 12 walikutwa na vimelea vya malaria; kati ya 247 wasioibeba, 113. Yaani asilimia 28 dhidi ya 46. Kama viwango vingelingana, dai lingeyumba. Hata hivyo, matokeo hayo hayakumaliza ubishi. Miaka mingi baadaye, watoto waliofuatiliwa Asembo, kaunti ya Siaya, walionyesha jambo zito zaidi: wenye jeni moja waliokufa utotoni walikuwa wachache zaidi.

Je, dai la Allison sasa ni nadharia? La. Limebaki dai kuhusu jeni moja na ugonjwa mmoja, ila sasa lina ushahidi wa kutosha. Nadharia hapa ni ile ya uteuzi wa asili, kwamba sifa zinazosaidia kiumbe kuishi na kuzaa huenea kizazi baada ya kizazi, iliyochapishwa na Darwin mwaka 1859, kabla ya yeyote kujua selimundu ni nini. Ndiyo inayoeleza kwa nini jeni yenye madhara hudumu mahali inapookoa wengi kuliko inaowaua. Hiyohiyo inaeleza pia kwa nini vimelea vya malaria vilizoea klorokwini mpaka dawa hiyo ikaachwa.

Mkanganyiko unaanzia mtaani, ambako "hiyo ni nadharia tu" maana yake ni kubahatisha. Shule nasi tunauzidisha tunapochora ngazi: dai chini, nadharia katikati, kanuni juu. Ngazi hiyo haipo.

Mwanao akiandaa mradi wa sayansi, kabla hajapima chochote mwambie aandike ni matokeo gani yangeliangusha dai lake. Akikosa la kuandika, dai bado halijawa nadharia tete. Alipunguze mpaka lipimike.