Matone ya vitamini A: nani apewe ipi, na vipi ukikuta kopo lina nyekundu tupu

"Wakuu, nimechaguliwa kuwa mhudumu wa afya ya jamii na wiki ijayo tunagawa matone ya vitamini A. Mafunzo yalikuwa ya nusu siku tu. Naomba aliyewahi kugawa anieleze: mtoto wa miezi mingapi anapata rangi ipi, anayelia namkamulia vipi, na mama akija bila kadi nifanyeje?"

Mkuu, karibu kwenye kazi. Nimegawa matone haya kwa awamu nyingi na makosa yangu karibu yote niliyafanya kabla ya kushika mkasi. Kwa hiyo nianze na kadi.

Kadi ya kliniki inakujibu mambo mawili: mtoto kazaliwa lini, na vitamini A alipewa mara ya mwisho lini. Usimuulize mama umri peke yake. Atakwambia "huyu ana mwaka" kwa sababu sherehe inakaribia, kumbe mwaka bado. Hesabu miezi iliyotimia. Kuanzia miezi 6 hadi 11 ni kapsuli ya bluu moja, yuniti 100,000. Kuanzia miezi 12 hadi 59 ni nyekundu moja, yuniti 200,000, na hurudiwa kila baada ya miezi 4 hadi 6. Akishatimiza miaka mitano hayumo kwenye zoezi. Chini ya miezi 6 naye hayumo, hata mama akisisitiza. Rangi hizo ndizo zilizozoeleka, ila soma kopo kila unapofungua jipya, maana kinachompa mtoto dozi ni kiasi kilichoandikwa, si rangi.

Nikupe mfano wa familia moja niliyoihudumia tarehe 14 Juni. Mama alikuja na wawili. Mdogo alizaliwa tarehe 3 Julai mwaka uliotangulia, na mama akasema ana mwaka. Nikahesabu: tarehe 3 Juni alitimiza miezi 11, kwa hiyo siku ile alikuwa na miezi 11 na siku 11. Huyo ni wa bluu. Mkubwa alikuwa na miaka miwili na ushee, umri wa nyekundu, lakini kadi yake ilionyesha alipewa vitamini A kituoni tarehe 2 Juni. Siku 12 tu. Dozi hizi kubwa zinahitaji kuachana angalau mwezi mmoja, kwa sababu vitamini A huyeyuka kwenye mafuta na hukaa kwenye ini, haitoki kwa mkojo kirahisi. Huyo sikumpa. Mama alinuna kidogo (alidhani nambania mwanawe), nikamwonyesha tarehe kwenye kadi akaelewa.

Sasa, siku ile kopo langu la bluu lilikuwa limekwisha, zimebaki nyekundu. Mdogo apewe nini? Nusu ya nyekundu, na nusu hiyo hupatikana kwa kuhesabu matone, usikisie kwa macho. Chukua kapsuli moja ya nyekundu kutoka kopo lilelile, ikate, ikamulie yote kwenye kijiko huku ukihesabu. Yangu ilitoa matone 8, kwa hiyo nusu ni 4. Ya kopo lako inaweza kutoa idadi nyingine, ndiyo maana unahesabu upya. Hiyo ya majaribio unaitupa, na nusu inayobaki kwenye ya mtoto nayo unaitupa, usimtunzie mtoto wa pili. Angalia pia ukataji: ukikata tundu kubwa zaidi kuliko la kapsuli ya majaribio, tone nalo linakuwa kubwa na hesabu yako inaharibika. Ikitokea kinyume, nyekundu zimekwisha na bluu zipo, mtoto wa miezi 12 na kuendelea anapewa bluu mbili.

Kukata kwenyewe ni kwenye ile ncha nyembamba, katikati yake. Ukikata karibu mno na tumbo la kapsuli, mafuta yanakurukia vidoleni. Mtoto akae mapajani kwa mama, kichwa kimeegemea kidogo, mdomo wazi. Kamua hadi kapsuli ibaki bapa, kisha subiri uone amemeza. Ganda lenyewe halimezwi, unalirudisha kwenye mfuko wa taka. Tone moja likimchuruzika kidevuni si neno.

Anayelia, mkuu, mwache anyamaze kwanza. Awamu yangu ya pili nilikuwa na foleni ndefu, nikamkamulia mtoto aliyekuwa anapiga kelele. Alivuta pumzi wakati huohuo, mafuta yakaenda njia ya hewa, akakohoa hadi akabadilika rangi. Alipona, lakini mikono yangu ilitetemeka mchana kutwa. Tangu siku hiyo analiaye anakaa pembeni, ananyonyeshwa au anabembelezwa, namrudia baadaye. Kumbana pua ili afungue mdomo, kamwe. Kwa sababu hiyohiyo, mtoto anayepumua kwa shida sana hapewi matone pale, anapelekwa kituoni. Mafua, homa ndogo au kuharisha havimzuii.

Mama asiye na kadi ndiye atakayekupa kazi. Usiulize "alishapewa matone?" Atajibu ndiyo, akimaanisha ya polio. Nilirudisha watoto nyumbani bure kwa swali hilo kabla sijagundua. Siku hizi naishika kapsuli mkononi na kuuliza: "Hii iliyokatwa na mkasi, alipewa ndani ya mwezi mmoja uliopita?" Halafu naongeza: je, amelazwa karibuni, ameugua surua au macho, au yuko kwenye matibabu ya utapiamlo? Watoto wa namna hiyo huenda walishapewa vitamini A kama tiba, na mpangilio wao ni wa kituo, si wetu. Majibu yakiwa hapana, nampa, nafungua kadi mpya na kuiandika siku hiyohiyo.

Kwenye kadi andika tarehe kamili na dozi, katika sehemu ya vitamini A. Alama ya vema peke yake haimsaidii atakayekuja baada yako. Kama mtoto alipewa bluu, andika 100,000, na hata kama ilikuwa nusu ya nyekundu andika 100,000. Andika baada ya kumwona amemeza, kamwe kabla. Mimi niliwahi kuandika kadi tatu mapema ili kuharakisha, mama mmoja akachoka foleni akaondoka na kadi iliyojazwa na mtoto ambaye hajapata kitu.

Usisahau kumwambia mama kwamba wachache hutapika, hukataa kula au huumwa kichwa, na mtoto mchanga utosi unaweza kuvimba kidogo. Hupita ndani ya siku moja au mbili. Mama asipoambiwa, utosi ukivimba usiku atasema mmempa mwanawe sumu, na mtaa mzima utasikia.

Kopo likae kivulini na kifuniko kimefungwa, jokofu halihitajiki. Jioni hesabu kapsuli zilizobaki ulinganishe na alama kwenye fomu ya kujumlishia. Kumbuka kutoa zile za majaribio na kuhesabu bluu mbili kama mtoto mmoja. Mimi siku ile ya tarehe 14 nilipungukiwa kapsuli moja, nikaitafuta hadi giza. Ilikuwa ile niliyoikamulia kwenye kijiko.