Gavana Mwenye Upendeleo na Alama Zangu Mbili

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa hapa Upanga alinitumia jibu lake la mtihani wa historia, la swali la manufaa ya chanzo, yaani lile linalotaka mtu apime dondoo la maandishi ya zamani linamfaa kiasi gani mchunguzi wa jambo fulani, akiuliza kwa nini amepata alama mbili kati ya nane. Nililisoma nikajiona mwenyewe, kwa kuwa kosa lile lile ndilo lililomfanya mwalimu wangu asome karatasi yangu mbele ya darasa zima, na sijamsamehe sawasawa mpaka leo.

Swali langu lilihusu dondoo kutoka kitabu alichokichapisha huko Berlin mwaka 1909 Gustav Adolf von Götzen, aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambamo sababu ya vita vya Maji Maji inaelezwa kuwa uchochezi wa waganga. Niliandika kwamba gavana ana upendeleo, kwa hiyo dondoo halina manufaa. Sikujiuliza upendeleo huo unagusa sehemu gani ya maneno yake. Mwanafunzi wangu naye alieleza yaliyomo vizuri, kisha akatupia sentensi kuhusu mwandishi mwishoni, kama mtu anayebandika stempu kwenye bahasha iliyokwisha kufungwa.

Aya niliyomwandikia ilikuwa hivi: "Dondoo lina manufaa kwa anayechunguza sababu za vita, kwani linataja dawa ya maji, na tunajua kuwa Kinjikitile wa Ngarambe aliigawa kwa watu waliotoka mbali. Hata hivyo, Götzen alikuwa gavana tangu 1901 hadi 1906, vita vikazuka mikononi mwake, na aliandika akiwa na sababu ya kujitetea. Ndiyo maana uganga unapewa uzito kuliko kilimo cha lazima cha pamba, ilhali Wamatumbi walianza Julai 1905 kwa kung'oa pamba. Kwa hiyo lina manufaa makubwa kuhusu namna watu walivyounganishwa, na manufaa madogo kuhusu kilichowakasirisha."

Tazameni kwamba asili ya dondoo na lengo la mwandishi havikusimama peke yake: vimeeleza kwa nini jambo moja limekuzwa na lingine limefichwa, na maarifa ya nje ya dondoo ndiyo yaliyothibitisha pengo hilo. Nawasihi mfanye jaribio hili kila mnapomaliza aya: funikeni kwa kiganja sentensi inayomhusu mwandishi, kisha msome hitimisho. Likibaki lile lile, hamkupima chochote, hata kama neno "upendeleo" limeandikwa mara tano.

Tena msisahau kwamba manufaa hufuata swali. Kama mtahini angeuliza jinsi serikali ya Kijerumani ilivyotaka vita hivyo vieleweke huko Ulaya, kujitetea kwa Götzen kungekuwa ushahidi wenyewe, na upendeleo nilioutumia kulitupa dondoo ndio ungelipa thamani yake kubwa. Mwanafunzi huyo ameandika aya ya pili kwa swali hilo, na safari hii amemtaja gavana katika sentensi ya kwanza.