Bafu lisilo na dirisha: mmea gani, na taa lini?

"Bafu letu halina dirisha, kuna tundu la hewa tu juu ya mlango. Makangaga mawili yameshakufa. Kuna mmea unaovumilia giza, au ndiyo mpaka ninunue taa?"

Kangaga hupenda hewa yenye unyevu, ndiyo maana watu hulipeleka bafuni. Lakini chakula chake hutoka kwenye mwanga, na mvuke hauwezi kuziba pengo hilo. Hayo mawili yalikufa njaa.

Kabla ya kununua kingine, pima. Pakua kwenye simu programu yoyote ya kupima luksi, yaani kiasi cha mwanga, ilaze simu pale pale chungu kitakapokaa, kioo kikitazama juu, saa sita mchana, taa ikiwa imezimwa na mlango ukiwa kama unavyokaa siku zote. Namba hiyo si ya maabara, lakini inatosha, maana jicho huzoea giza na kukudanganya: luksi 40 na luksi 400 zote utaziona "mwanga kidogo". Kwa mmea, hizo ni kufa na kupona.

Ukipata luksi 500 na kuendelea, pothosi itatambaa vizuri. Nunua ya kijani kitupu, kwa sababu yale mabaka meupe ya aina nyingine hayatengenezi chakula. Kati ya 200 na 500, baki na ZZ au sanseveria. Chini ya 100, ambako ndiko bafu lako liliko bila shaka, hakuna mmea wa kuishi humo, hata muuzaji akiapa.

Muuzaji atakuonyesha ZZ, ule wenye vijani vinene vinavyong'aa, vimepangana pande mbili za shina. Ni mmea wa huku kwetu, huota porini kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, na umezoea kiangazi kirefu kwa kuweka maji na chakula kwenye viazi vyake chini ya udongo. Ndiyo sababu ukiuweka gizani hukaa miezi mingi ukiwa wa kijani, nawe unadhani umeridhika. Kumbe unakula akiba. Angalia machipukizi: yakikosekana mwaka mzima, au yakitoka membamba, marefu, yenye vijani vilivyoachana mbali, akiba inaelekea ukingoni.

Kwa hiyo kwako ni taa, na wala si lazima iwe ile ya rangi ya zambarau. Balbu ya kawaida ya LED ya wati 9, yenye lumeni 800 hivi, iliyoandikwa 6500K kwenye boksi, inatosha. Kinachoamua ni umbali. Ikielekezwa chini ikiwa sentimita 30 juu ya majani, hutoa takriban luksi 1,400. Isogeze hadi sentimita 60, zinabaki kama 350, maana umbali ukiwa mara mbili mwanga hubaki robo. Balbu hiyo hiyo ikiwa darini, mita 2 juu ya mmea, inaleta thelathini na kitu, ukiongeza kidogo kinachorudishwa na vigae vyeupe. Hapo ndipo wengi hukosea: "taa mbona ipo?" Ipo, lakini iko mbali, tena huwaka wakati wa kuoga tu.

Iweke sentimita 30 hadi 40 juu ya majani, iwake kwa muda wa saa 12 kila siku kwa taima ya soketi. Wati 9 kwa saa 12 ni kama yuniti 3.2 kwa mwezi. Fundi umeme akufungie holda yenye alama ya IP65, yaani isiyoingiza maji yanayorushwa, mbali na maji ya bomba la mvua. Usiburute ekstensheni kwenye sakafu ya bafu, tafadhali.

Kama taa haiwezekani, nunua ZZ mbili zinazofanana. Moja ikae bafuni wiki mbili, nyingine ipumzike barazani kivulini, kisha zibadilishane. Usiutoe bafuni moja kwa moja hadi juani, majani yataungua na mabaka hayo hayafutiki.

Maji ndiyo huua hata mimea yenye taa. Mwanga mdogo maana yake mmea unakunywa kidogo, na hewa ya bafuni haikaushi udongo. Chomeka kijiti cha mshikaki hadi chini ya chungu: kikitoka na udongo uliogandamana, ngoja. Kwa ZZ, kumwagilia mara moja kwa wiki nne hadi sita ni kawaida. Majani ya chini yakigeuka njano huku udongo ukiwa mbichi, na shina likibonyea ukilishika, mizizi imeoza. Itoe kwenye chungu, kata kila kilicho laini na cheusi, acha majeraha yakauke siku mbili, kisha panda upya kwenye udongo uliochanganywa na mchanga mkavu wa mto, na usimwagilie kwa wiki nzima.