Fomu ya ridhaa kwa mgonjwa wa fistula: namna ya kuomba, kuandika na kuficha sura

Hospitali ikikupa kibali cha kurekodi filamu wodini, imekuruhusu kuingia jengoni, basi. Ridhaa ya mgonjwa ni yake peke yake, na haitolewi na daktari, nesi wala mume. Hapa tutachukua mfano mmoja: mama wa miaka 24 kutoka kijiji cha Kanda ya Ziwa, anayesubiri upasuaji wa fistula ya uzazi. Uchungu ulikaa siku mbili, kichwa cha mtoto kikabana nyonga, tishu za kati ya kibofu na uke zikafa kwa kukosa damu, na tangu hapo mkojo unamtoka bila kujizuia. Mara nyingi kwa wanawake wa hali hii mtoto pia alifariki, na wengine waliachwa na waume zao. Mtu wa namna hii anaombwaje picha yake?

Kosa la kwanza ni wakati. Watu wengi huomba siku moja kabla ya upasuaji, na anayewatambulisha ni nesi yule yule atakayempeleka chumba cha upasuaji. Mgonjwa anasikia jambo moja tu: nikikataa, sitatibiwa. Atasema ndiyo, tena haraka, wala hatauliza swali lolote. Ukiona ndiyo isiyo na swali hata moja, ujue bado hujapewa ridhaa. Afadhali nesi aishie kusema kwamba kuna watu wanatengeneza filamu, na anayetaka kuwasikiliza atawakuta nje ya wodi saa fulani. Kamera ibaki kwenye begi. Anayekwenda kuzungumza naye awe mwanamke, anayejua Kisukuma kama hiyo ndiyo lugha ya mgonjwa, na asiwe mfanyakazi wa hospitali.

Baada ya upasuaji mgonjwa hukaa na mpira wa mkojo kwa siku 7 hadi 14 hivi. Usimhoji kipindi hicho. Lakini pia jihadhari na siku mpira unapotolewa na akajikuta mkavu kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Furaha ya siku hiyo inaweza kumfanya akubali chochote, hata sura yake ibandikwe barabarani. Mhoji akitaka, ila hesabu ridhaa hiyo kuwa ya muda mpaka umuulize tena akiwa nyumbani, wiki nne au sita baadaye.

Maelezo ya mdomo yatangulie karatasi. Usimuulize kama ameelewa, maana atajibu ameelewa. Mwambie, "Mama, hebu nieleze wewe kwa maneno yako, hii filamu itaonwa na nani?" Akijibu "Wazungu huko kwenu" au "madaktari", rudi mwanzo. Toa simu yako, fungua video yoyote ya mtandaoni, umwonyeshe kwamba kijana wa kijijini kwao mwenye simu kama hiyo anaweza kuiona na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kisha uliza swali ambalo kwa maoni yetu linazidi fomu nzima kwa uzito: "Ni nani usiyetaka aione?" Akimtaja mama mkwe, au mwanaume anayetaka kumchumbia, jibu hilo ndilo linaloamua kama sura itaonekana.

Sasa karatasi. Fomu nyingi zinazozunguka ni tafsiri za mikataba ya waigizaji: haki zote, duniani kote, milele, kwa njia yoyote iliyopo au itakayobuniwa. Zimeandikwa kumlinda mtayarishaji asishtakiwe. Mwandikie mgonjwa maneno anayoweza kuyasikia yakisomwa mara moja akayashika. Tunapendekeza haya:

"Nimekubali kurekodiwa picha na sauti tarehe ……. kwa ajili ya filamu moja, inayohusu …….. Nimeelezwa kuwa itawekwa mtandaoni, na mtu yeyote, hata wa kijijini kwetu, anaweza kuiona. Sura yangu ionekane / ifichwe. Sauti yangu isikike / isomwe na mtu mwingine. Jina langu litajwe / lisitajwe. Picha zangu hazitatumika kuchangisha fedha wala kwenye filamu nyingine bila kuniuliza upya. Naweza kubadili mawazo bila kutoa sababu. Nikifanya hivyo kabla ya tarehe ……., nitaondolewa kwenye filamu. Baada ya hapo, nakala zilizokwisha kusambaa haziwezi kurudishwa. Nikikubali au nikikataa, matibabu yangu hayabadiliki."

Tarehe hiyo iwe siku halisi kwenye kalenda, walau wiki mbili baada ya kumwonyesha sehemu yake iliyohaririwa na kabla uhariri haujafungwa. "Wakati wowote" ni ahadi nzuri kusikia lakini ya uongo kama filamu iko mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuondoa ridhaa wakati wowote, ila kuondoa huko hakubatilishi yaliyofanyika kihalali kabla yake. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo bado upokee ombi lake hata baada ya tarehe kupita, na uondoe unachoweza kuondoa.

Asiyesoma asomewe fomu yote kamera ikirekodi, ajibu kila kipengele kwa sauti yake, kisha aweke dole gumba mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe. Nauli na fidia ya siku yake alipwe kabla ya kusaini, kwa karatasi tofauti, na kiasi kile kile hata akikataa.

Akichagua kufichwa, mfiche kwenye kamera, usingoje uhariri. Ukungu unaowekwa baadaye unaacha faili ghafi lenye sura yake kamili kwenye diski inayopita mikononi mwa watu wengi. Mweke dirisha au taa nyuma yake, usoni pasiwe na mwanga wowote. Hapa wengi huteleza: kwenye skrini ya kamera anaonekana kivuli cheusi, lakini kamera za leo huhifadhi mwanga mwingi kuliko unaouona. Kabla hajaondoka, fungua klipu kwenye kompyuta na upandishe mwangaza mpaka mwisho. Ukiona pua na macho, rudieni. Sauti iliyobadilishwa uzito inaweza kurejeshwa, hivyo maneno yake yasomwe na mwanamke mwingine. Halafu angalia yanayosahaulika: kovu la mkono, kitenge anachokivaa kila siku, jina kwenye kadi ya kitanda, jina lake kwenye faili.

Mume aliyemtoroka hayupo kujitetea, na jina lake likitajwa kijiji kizima kitamjua mke. Lifute.

Kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, muulize simu utakayompigia ni ya nani na saa ngapi anaishika mwenyewe. Mara nyingi ni ya shemeji. Kubalianeni utajitambulisha vipi mtu mwingine akipokea, na usitume ujumbe wa maandishi hata mmoja. Nakala ya fomu ni haki yake, lakini isiwe na neno fistula wala jina la wodi popote, kwa sababu itakaa chini ya godoro kwenye nyumba anayoishi na watu wengine. Akisema hana pa kuiweka, mwachie namba yako tu, na nakala yake itunzwe na mtu atakayemtaja yeye.