"Ndoo" Isiyochota Maji

Wadogo zangu mnaoanza kusoma ushairi kidato cha tano, niwape kisa cha jioni yangu ya kwanza kufundisha tuisheni hapa Kirumba. Niliandika ubaoni ubeti mmoja wa Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 kwa lahaja za kaskazini, huko Lamu na Pate. Mama mgonjwa anamwita binti yake ampe wosia:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Kijana mmoja akasema mama anaagiza ndoo, wino na karatasi. Hakuna aliyecheka, kwa sababu wote walikuwa wamewaza hivyo. Ukikulia karibu na mwalo, ndoo ni ya maji au ya dagaa, basi.

Nikawauliza: kama ndoo ni kitu, mbona mstari wa pili unaanza na "na wino" lakini wa kwanza hausemi lete wala chukua? Halafu tazama "ujilisi". Ule u- wa mwanzo ni wa kumwambia mtu afanye jambo, kama katika "ukae" au "usome". Kwa hiyo mstari una agizo, na kabla ya agizo hilo ungetarajia neno la kumwita mtu. Hapo muktadha umeshakwambia ndoo inafanya kazi gani, hata kabla hujajua maana yake.

Maana yenyewe inapatikana kwenye sauti. Palipo na nj katika Kiswahili sanifu, Kiamu, lahaja ya Lamu, mara nyingi husema nd: njia ni ndia, njaa ni ndaa. Rudisha nj, unapata "njoo". "Mbee" imepoteza l tu, ni "mbele". Lakini msiamini kanuni ya sauti kwa neno moja. Itafuteni kwingine katika shairi hilohilo. Ubeti unaofuata una "umtaye" na "pamoya", yaani umtaje na pamoja, na hapo mnaona kwamba j nayo imegeuka, safari hii kuwa y. Mkishaona mageuzi ya namna hii yakijirudia, mnajua mnasoma lahaja yenye utaratibu wake, na si makosa ya mchapaji.

"Ujilisi" haina msaada wa sauti, ina msaada wa asili. Toa u-, unabaki na jilisi. Je, hamjawahi kusikia majilisi, yaani baraza la watu walioketi? Jilisi na majilisi yote yanatoka kwenye kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuketi. Weka "uketi" mahali pake: njoo mbele uketi, na wino na karatasi. Mstari umetulia. Mwisho wake nao haukugeuka kuwa -e kama katika "usome", kwa kuwa vitenzi vyenye asili ya Kiarabu havifanyi hivyo; tunasema "ufikiri", "usafiri".

Neno lililonisumbua zaidi mimi mwenyewe ni lile nililodhani nalijua: hadithi. Nilisubiri kisa cha sungura na fisi hadi mwisho wa utenzi, hakikuja. Katika Kiarabu neno hilo lina pia maana ya maneno, mazungumzo, na ndicho mama alicho nacho moyoni. (Halafu sikilizeni vina: jilisi, karatasi, hadithi. Wale mnaotamka "hadisi", na Mwanza mko wengi, kwa ubeti huu hamjakosea sana.)

Sasa mpaka wa mbinu hii. Ubeti wa kwanza unasema "Negema wangu binti, mchachefu wa sanati", yaani nisogelee, binti yangu, mchache wa… nini? Sana kwa Kiarabu ni mwaka, na ile t ya mwisho hujitokeza katika maneno ya aina hiyo, kama "wasiati" ya mstari unaofuata, ambayo sisi twasema wasia. Kwa hiyo: binti mwenye miaka michache. Lakini kuna pia hasanati, matendo mema, iliyokatwa silabi moja. Ukiiweka nzima, mstari unakuwa na mizani tisa badala ya nane, kwa hiyo ukataji una sababu. Hapo mchache ni mama anayejidunisha, desturi ya kawaida kwa watunzi wa tenzi.

Asili imetoa majibu mawili, na vina na mizani vinayakubali yote. Mimi naelemea kwenye miaka, kwa kuwa maneno hayo yamekaa bega kwa bega na "binti". Kwenye daftari langu, hata hivyo, yameandikwa yote mawili, kwa kalamu ya risasi.